Saa janja imeunganishwa lakini ujumbe haufiki: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Katika meza yangu ya ufundi wa simu, eneo la Makoroboi jijini Mwanza, saa janja na bangili za mazoezi zinazoletwa kwa maelezo kwamba "zimekufa" mara nyingi hazina ugonjwa wowote. Zinaonyesha muda, zinahesabu hatua na kupima mapigo ya moyo, ila ujumbe wa simu haufiki mkononi, au unafika alfajiri na kukoma kabla jua halijapanda. Mwongozo huu unahusu tatizo hilo, hasa kwa saa za bei ya kawaida zinazotumia programu kama Da Fit na FitPro kwenye simu za Android, kwa kuwa ndizo ninazoletewa zaidi. Simu nyingi ninazozipokea zimeachwa katika lugha ya Kiingereza, kwa hiyo majina ya menyu nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye kioo. Majina hayo hubadilika kidogo kutoka simu moja hadi nyingine, lakini mahali pa kutafuta ni palepale.

## Kabla ya kugusa mpangilio wowote

Saa za aina hii hazina laini ya simu wala haziijui WhatsApp yako. Ujumbe huingia kwanza kwenye simu, Android huuonyesha kama arifa, programu ya saa iliyopewa ruhusa ya kusoma arifa huunakili, kisha huutuma kwa Bluetooth hadi mkononi. Hapo kuna kazi mbili tofauti, kusoma na kuvusha, na kila moja inaweza kuharibika peke yake. Ni kama kivuko cha Kamanga: chombo kinaweza kuwa kinakwenda na kurudi vizuri huku mzigo umebaki gatini kwa sababu hakuna aliyeupakia, na mzigo unaweza kuwa umepangwa vizuri gatini huku chombo chenyewe hakipo. Anayesubiri ng'ambo haoni tofauti. Anachojua ni kwamba mzigo wake haujafika.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kujua ni kazi ipi iliyokwama. Telezesha kidole kutoka juu ya kioo cha saa kwenda chini, uangalie alama ndogo ya simu au ya Bluetooth. Ikiwa imepigwa mstari au imefifia, mawasiliano yamekatika. Fanya hivyo kabla ya kufungua programu kwenye simu, kwa kuwa programu hizi huanza kuitafuta saa mara tu zinapofunguliwa, na ndani ya sekunde chache utaona neno "Connected" na kudhani kwamba siku nzima hali ilikuwa hivyo. Nimeona watu wengi wakidanganywa na neno hilo, nami mwenyewe limenidanganya nilipoanza kazi hii.

Kisha fungua programu, utafute kitufe cha "Find device", ambacho mahali pengine huitwa "Find watch", ukibonyeze. Saa ikitetemeka huku ujumbe hauji, uvushaji ni mzima na tatizo liko kwenye usomaji; nenda dalili ya pili. Ikiwa alama ilikuwa imefifia na ikawaka baada tu ya wewe kufungua programu, nenda dalili ya tatu. Ikiwa simu haiioni saa kabisa, anza na dalili ya kwanza.

## Dalili ya kwanza: simu haiioni saa wakati wa kuiunganisha

Chanzo kinachoongoza ni kwamba saa tayari imeshikwa na simu nyingine. Nyingi kati ya saa hizi huzungumza na simu moja tu kwa wakati, na zikishaunganishwa huacha kujitangaza hewani, kwa hiyo simu ya pili itatafuta hadi ichoke. Simu iliyoishika mara nyingi ni ile ya zamani iliyobaki nyumbani kwa mtoto, au ya muuzaji aliyekuwa akiijaribu dukani. Zima Bluetooth ya simu hiyo kwanza uone kama saa itaonekana. Ikionekana, rudi kwenye programu ya simu ile ya zamani na kuiondoa saa moja kwa moja, maana kuzima Bluetooth peke yake ni dawa ya siku moja.

Cha pili ni kutafuta mahali pasipohusika. Mtu hufungua Bluetooth kwenye mipangilio ya simu, huona jina la saa, huligusa, na simu humwambia kwamba kifaa kimeunganishwa. Kwa saa zinazopokea simu kwa spika yake, hapo amefungua njia ya sauti tu. Arifa zina njia yake nyingine, na hiyo hufunguliwa na programu ya saa. Baadhi ya saa hata hujionyesha kwa majina mawili yanayofanana. Utaratibu unaofaa ni kuanzia kwenye mipangilio ya Bluetooth, kugusa "Forget" au "Unpair" kwenye jina la saa, kisha kufungua programu yenyewe na kuongeza kifaa kutoka humo. Ikiwa baadaye programu itakuuliza kama unataka saa ipokee simu, kubali, nayo itaunganisha njia ya sauti yenyewe.

Cha tatu ni ruhusa. Kwenye Android 11 na matoleo ya kabla yake, simu haiwezi kutafuta vifaa vya aina hii bila programu kuruhusiwa kutumia "Location" na bila huduma yenyewe ya mahali kuwashwa. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa inayoitwa "Nearby devices". Watu huikataa ruhusa ya mahali kwa kuhofia kufuatiliwa, na hofu hiyo ina msingi wake, lakini kwenye simu ya zamani hakuna njia ya kukwepa. Iwashe wakati wa kuunganisha, na baadaye ujaribu kuizima uone kama saa bado inajirudisha yenyewe.

Kilichobaki ni programu isiyo yake. Saa mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kutaka programu tofauti, na ya jirani yako haitaiona yako. Kwenye mipangilio ya saa yenyewe kuna picha ya msimbo wa QR. Iskani kwa kamera nayo itakuonyesha programu inayohusika. Ukishafanya yote haya bila mafanikio, chagua "Reset" kwenye saa, ukijua kwamba hatua na usingizi ambao bado haujahamishiwa kwenye simu utafutika.

## Dalili ya pili: saa inatetemeka kwa "Find device", lakini hakuna arifa hata moja

Hapa mara nyingi programu haijaruhusiwa kusoma arifa. Ingia "Settings", kisha "Apps", kisha "Special app access", utafute "Notification access", ambayo kwenye baadhi ya simu huitwa "Device & app notifications", na uiwashe kwa jina la programu ya saa. Ruhusa hii si sawa na ile ya kawaida ya "Notifications", ambayo huiruhusu programu kuonyesha arifa zake yenyewe. Watu wengi huiona hiyo ya pili imewashwa na kuishia hapo. Baada ya hapo rudi ndani ya programu ya saa, kwenye ukurasa wa arifa, uwashe kila unachotaka kifike: SMS, WhatsApp, simu zinazoingia na vinginevyo.

Ikiwa ruhusa ilikuwa imewashwa tangu mwanzo, usiridhike na rangi ya kitufe. Baada ya programu kusasishwa, au baada ya kuuawa na simu mara kadhaa, kitufe huweza kuonyesha kwamba kimewashwa ilhali msomaji wa arifa hayupo kazini. Kizime, hesabu sekunde kumi, kiwashe tena, halafu zima simu na kuiwasha upya. Ni hatua ndogo, na kwa dalili hii ndiyo inayoniondolea wateja wengi mezani bila malipo.

Wengine hukuta kitufe kimefifia na ujumbe wa "Restricted setting". Kuanzia Android 13, programu iliyopakiwa nje ya Play Store, kwa mfano faili uliyotumiwa na rafiki, huzuiwa kupewa ruhusa hii. Ninachoshauri ni kuiondoa na kuipakua upya kutoka Play Store. Simu ina njia ya kulegeza kizuizi hicho kupitia nukta tatu kwenye ukurasa wa taarifa za programu, lakini zingatia unachokitoa: programu yenye "Notification access" inasoma kila kinachojitokeza kama arifa, pamoja na ujumbe wa benki na namba za uthibitisho. Kizuizi kile hakikuwekwa kwa bahati mbaya.

Mwisho, angalia alama ya mwezi kwenye saa, yaani hali ya usinisumbue. Kuna kosa moja hapa ambalo ni letu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Kijana mmoja alitaka saa yake inyamaze kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, akaandika 04:00 hadi 12:00. Saa ikamtii: ikawa inanyamaza kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa sita mchana, na usiku kucha ikamwamsha. Alichopaswa kuandika ni 22:00 hadi 06:00. Kama arifa zako hupotea kwa saa zilezile kila siku na kurudi zenyewe, kagua hapa kabla ya pengine popote.

## Dalili ya tatu: arifa zinafika, kisha zinakoma mpaka ufungue programu

Hii ndiyo inayosumbua zaidi, na ndiyo ambayo mteja huilaumu saa bila kosa. Simu, hasa zenye RAM ya GB 2 au 3, huua programu zinazofanya kazi kwa siri ili kuokoa betri na nafasi. Kwa macho ya simu, programu ya saa ambayo hujaifungua tangu asubuhi ni mzigo. Ikiuawa, msomaji na mvushaji huondoka pamoja.

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, alinijia na tatizo hili. Wanunuzi wake wako mbali, wengine ng'ambo ya mpaka, na malipo ya M-Pesa huingia wakati mikono yake iko kwenye magunia. Kwake saa ile ilikuwa chombo cha kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Hii saa inanipa ujumbe alfajiri tu. Ikifika saa mbili inanyamaza, mpaka niifungue ile programu yake."

Sikugusa programu. Nilitelezesha kioo cha saa: alama ya simu ilikuwa imepigwa mstari. Kisha nikashusha pazia la arifa kwenye simu yake. Programu ya saa inapofanya kazi kwa siri huacha arifa moja ya kudumu, isiyo na mlio, inayosema kwamba imeunganishwa au inafanya kazi. Haikuwepo. Viashiria hivyo viwili vilinitosha kujua kwamba programu ilikuwa imeuawa na kwamba saa haikuwa na hatia. Nilipoifungua, alama ikawaka.

"Mama, huwa unafuta programu zilizofunguliwa?"

"Kila nikimaliza kupiga simu. Mwanangu aliniambia zinakula chaji."

Mambo yote yakajipanga. Alfajiri alikuwa akifungua programu kuangalia amelala saa ngapi, kwa hiyo mawasiliano yakawaka. Kufikia saa mbili alikuwa amemaliza kuwapigia wanunuzi wa kwanza, akabonyeza "Clear all", na kwenye simu yake kitufe hicho hakikuondoa picha za programu tu, kiliziua kabisa.

Nilirekebisha vitu vitatu, na huu ndio mpangilio ninaoupendekeza. Kwanza, nilishikilia jina la programu, nikaingia kwenye taarifa zake, kisha "Battery", na kubadilisha kutoka "Optimized" kwenda "Unrestricted". Kwenye ukurasa huohuo wa taarifa nilizima "Pause app activity if unused", kwa sababu programu ambayo mwenyewe haifungui kwa miezi inaweza kunyang'anywa ruhusa zake na Android. Pili, nilitafuta "Auto-start" kwenye mipangilio ya simu na kuiwasha kwa programu ile; bila hiyo, simu ikizimika kwa kuishiwa chaji na kuwashwa tena, programu hulala hadi mtu aiguse. Si kila simu ina kipengele hicho, na kama huna, ruka. Tatu, nilifungua orodha ya programu za karibuni, nikaishikilia programu ya saa na kuifunga kwa alama ya kufuli, ili "Clear all" iiruke.

Kisha nikaanza na jaribio rahisi: nilibonyeza "Clear all" mwenyewe mbele yake, na arifa ile ya kudumu ikabaki mahali pake. Hilo halikutosha. Programu hubaki hai dakika chache za kwanza hata kwenye simu iliyopangwa vibaya, kwa hiyo anayejaribu kwa dakika tano na kuridhika anajidanganya. Tuliiacha simu mezani ikiwa imezimwa kioo, bila waya wa chaji, naye akaenda sokoni kwa shughuli zake. Baada ya dakika arobaini na kitu nilimtumia SMS kutoka simu yangu, na saa iliyokuwa imelala kando ya simu ikatetemeka.

Baada ya siku mbili alirudi. Asubuhi yote ilikuwa sawa, lakini alasiri saa ilinyamaza tena. Niliikuta simu na chaji asilimia 14, na hali ya kuokoa betri ikiwa imejiwasha ilipofika asilimia 20. Kwenye simu yake hali hiyo ilikuwa ile kali, inayobakiza programu chache zilizochaguliwa na kusimamisha nyingine zote, hata zilizopewa "Unrestricted". Hapo hakuna ujanja wa kupita kiasi: ama uiweke programu ya saa kwenye orodha ya zinazobakizwa, kama simu inaruhusu, ama ushushe kiwango, ama uichaji simu mchana. Yake ilikuwa na nafasi kwenye orodha, tukaiongeza.

Kuna namna nyingine ya kuiua programu bila kujua. Ile arifa ya kudumu huwaudhi watu. Kwenye Android 13 na kuendelea unaweza kuitelezesha ikaondoka, na hilo halina madhara, lakini chini ya pazia hubaki orodha ya programu zinazofanya kazi, na kando ya kila moja kuna kitufe cha "Stop". Ukikibonyeza umeiua, na mipangilio yote mitatu hapo juu haitakuokoa. Programu za kusafisha simu na kuongeza kasi hufanya vivyo hivyo kwa niaba yako, ukizikuta, ziondoe.

## Dalili ya nne: baadhi ya arifa zinafika, nyingine hazifiki

SMS zikikosekana huku WhatsApp inafika, tazama ni programu gani inayopokea SMS kwenye simu yako. Mtu akiweka programu nyingine ya ujumbe badala ya ile iliyokuja na simu, programu ya saa huendelea kuisikiliza ile ya zamani. Kwenye orodha ya arifa ndani ya programu ya saa, washa jina la programu mpya, na kama halipo, washa kipengele cha "Others". Kagua pia kama programu ya saa ina ruhusa ya SMS, kwa kuwa baadhi husoma SMS zenyewe badala ya kusoma arifa.

WhatsApp ikikosekana kwa watu au makundi fulani tu, huenda mazungumzo hayo umeyanyamazisha au kuyaweka kwenye kumbukumbu. Kanuni ni fupi: kisichojitokeza kwenye pazia la simu hakiwezi kujitokeza kwenye saa. Ujumbe unaoingia wakati mazungumzo yenyewe yako wazi kwenye kioo nao hauna arifa. Zaidi ya hapo, baadhi ya programu za saa zina chaguo la kutotuma chochote wakati kioo cha simu kinawaka, na mtu anayejaribu huku ameikodolea macho simu atadhani imeharibika.

Dalili mpya zaidi ni ujumbe unaofika mkononi ukiwa umefichwa, na mahali pake pameandikwa "Sensitive notification content hidden". Hii inatokea kwenye Android 15, ambayo huzificha namba za uthibitisho zisisomwe na programu ambazo mfumo hauziamini. Kuna njia ya kuizima kwenye mipangilio ya arifa, penye "Enhanced notifications", lakini simshauri mtu yeyote mwenye pesa kwenye simu yake afanye hivyo kwa ajili ya kusoma tarakimu sita mkononi. Namba hiyo isome kwenye simu.

Kwa wenye iPhone, sehemu kubwa ya haya hayawahusu, kwa sababu simu yenyewe ndiyo inayotuma arifa kwa saa. Ingia "Settings", "Bluetooth", gusa alama ya i kando ya jina la saa, uwashe "Share System Notifications". Kisha hakikisha arifa za kila programu zimeruhusiwa kuonekana, zikiwemo za wakati simu imefungwa.

## Dalili ya tano: mawasiliano yanakatika ukitembea au ukiwa majini

Bluetooth hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo hupita vizuri hewani na kufyonzwa haraka na maji. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji. Mahali pa wazi unaweza kufikia mita kumi bila shida. Simu ikiwa mfuko wa nyuma wa kulia na saa mkono wa kushoto, mwili wako unakuwa katikati na mawasiliano yanaweza kukwama. Jaribu kuhamisha simu upande ilipo saa kabla ya kuamini kwamba antena imekufa.

Ukiogelea ziwani au ukizamisha mkono kuvuta nyavu, mawasiliano hukatika papo hapo hata kama simu iko ndani ya mtumbwi, nusu mita kutoka ulipo. Hilo si hitilafu. Ukiutoa mkono, saa inapaswa kujirudisha yenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Isipojirudisha mpaka ufungue programu, tatizo lako ni lile la dalili ya tatu. Na alama ya IP68 kwenye boksi isikupe ujasiri wa kuoga na saa kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa kipimo hicho hufanywa kwa maji safi yaliyotulia.

## Wakati wa kuacha na kumwona fundi

Ikiwa kioo au mgongo wa saa umeanza kuinuka, betri imevimba. Usiibonyeze irudi, usiichaji, usiitoboe. Ivue, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, na uipeleke kwa fundi. Fanya hivyo pia ikiwa saa inapata moto mkali ikiwa kwenye chaji, au ukiona mvuke chini ya kioo baada ya kuingia majini. Mvuke ukionekana, kuichaji ili "ikauke" ndiko kunakoimaliza.

Sasisho la mfumo wa saa lisianzishwe chaji ikiwa chini ya nusu au simu ikiwa mbali. Likiishia katikati na saa ikabaki kwenye alama ya kampuni, ijaribu mara moja kwa kuisogeza karibu na simu na kurudia sasisho kupitia programu. Ikigoma, usiendelee kupakua faili za mfumo kutoka mahali pasipojulikana, kwa kuwa faili ya saa inayofanana kwa sura huweza kuifunga kabisa.

Kabla ya kuja, fanya jaribio moja la mwisho: iunganishe saa na simu ya mtu mwingine, na simu yako iunganishe na spika au vipokea sauti. Saa ikifanya kazi kwa mwenzako na simu yako ikashindwa kuunganishwa na kitu chochote, au kitufe cha Bluetooth kikijizima chenyewe, huenda kasoro iko kwenye bodi ya simu, na hiyo ni kazi ya mwenye darubini na mashine ya hewa moto. Ukiwa umenunua saa iliyokwishatumika nayo inadai akaunti ya mtu mwingine, fundi hawezi kukusaidia kihalali. Mrudie aliyekuuzia aiondoe akaunti yake mbele yako.